Hati ya uwakilishi hukoma akili inapopotea: tuliyoyapitia na baba yetu wa Kibosho

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake baba yetu alikuwa hai, anakula, anasali na kusalimia wageni, lakini hakuweza tena kuamua jambo lolote kuhusu mali yake. Hiyo ndiyo hali ambayo familia nyingi za huku Kilimanjaro hazijiandai nayo. Kwa ajili ya kifo tunaandika wosia, na kwa ajili ya safari au ugonjwa mfupi tunaandika hati ya uwakilishi, ambayo wengi wanaiita nguvu ya kisheria. Lakini wosia hauna nguvu yoyote mpaka mwenye nao afariki, na hati ya uwakilishi, kwa mujibu wa sheria ya mikataba ya Tanzania, hukoma mwenye mali anapofariki au anapopoteza akili timamu. Kati ya siku ambayo hati inakoma na siku ambayo wosia unaanza kufanya kazi panaweza kupita miaka, na miaka hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Baba alikuwa karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa, mtu wa kalamu na daftari, mjane, mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, huko Kibosho na nyumba ya kupangisha Majengo, mjini Moshi. Alikuwa na watoto wanne. Kaka yetu mkubwa anaishi Dar es Salaam, mimi na dada yangu tunaishi Moshi, na kitinda mimba, kwa desturi yetu, alibaki kihambani na baba.

Akiwa na miaka 79 aliugua ghafla. Jumamosi alikuwa amekagua hesabu za wapangaji kama kawaida, na kufikia Jumatatu jioni alikuwa hamtambui mjukuu wake, anaokota vitu hewani na kuuliza kwa nini kahawa haijaanikwa. Tulimpeleka hospitali wakamlaza, na ikabainika kwamba mkojo ulikuwa umeziba kwa sababu ya tezi dume, ukaleta maambukizi, na mwili ulikuwa umekauka maji. Kaka alifika kutoka Dar akiwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, ya kumpa yeye mamlaka ya kuuza nyumba ya Majengo, pamoja na pedi ya wino kwa ajili ya dole gumba. Sitaki kumsingizia kaka yangu nia mbaya. Alikuwa na hofu ya kweli kuhusu gharama za hospitali, na aliamini kwamba baba hatapona.

Muuguzi wa wodi ndiye aliyemzuia. Alimwambia kwa heshima, "Kaka yangu, mzee hajui yuko wapi leo. Mngojeeni kwanza, hii hali huwa inapita." Daktari alipokuja alitufafanulia zaidi. Alisema kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa wa mwili, kama maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka au dawa fulani, na kuna kupungua kwa akili kunakokuja polepole kwa miezi na miaka. Kule kwa ghafla hutambulika kwa mambo machache: kumeanza ndani ya siku moja au mbili, kunapanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo na mara nyingi huzidi jioni, na mgonjwa hawezi kushikilia wazo moja. Alimwomba baba ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Baba alifika Ijumaa, akanyamaza, akarudi kwenye habari ya kahawa. Daktari akatueleza kwamba mtu asiyeweza kushikilia siku saba kichwani hawezi kupima faida na hasara ya kuuza nyumba, lakini pia kwamba hali hiyo hutibika, na akili inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia hata baada ya homa kuisha.

Nimelifikiria sana lile dole gumba. Baba alikuwa ametia sahihi maelfu ya stakabadhi maishani mwake. Hati ambayo mtu wa namna hiyo ameiwekea dole badala ya sahihi, akiwa kitandani, ndani ya tarehe ambazo cheti cha hospitali kinaonyesha alikuwa amelazwa kwa kuchanganyikiwa, ina alama zote za kuifanya ipingwe mahakamani. Mnunuzi makini angeikataa, na mnunuzi asiye makini angenunua kesi. Dole gumba peke yake si kosa, kwa kuwa wapo wazee wasiojua kuandika na wapo waliopooza mkono. Lakini mtu anayejua kuandika anapowekewa dole, lazima hati yenyewe ieleze kwa nini.

Baba alipona. Wiki kadhaa baadaye alikuwa amerudi kwenye daftari lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuweka mambo sawa, baada ya kusimuliwa yaliyotokea wodini. Wakili tuliyemwendea mjini alikataa kuandika chochote siku ile ya kwanza. Alitaka kwanza daktari amwone baba na kuandika barua, kwa sababu alikuwa mzee aliyetoka kuugua, na alijua kwamba ndugu wakigombana baadaye swali la kwanza litakuwa kama akili yake ilikuwa timamu siku ya kutia sahihi. Tulilipia barua hiyo kwa kulalamika kidogo, lakini ndiyo iliyokuja kuokoa kila kitu.

Upimaji ule ulinifundisha kwamba uwezo wa kuamua haupimwi kwa jumla. Unapimwa kwa uamuzi mmoja, kwa wakati mmoja. Daktari alichagua saa ya asubuhi, baba akiwa ameshakula na kulala vizuri, akahakikisha amevaa miwani, akafunga dirisha kwa sababu ya kelele za barabarani, maana mzee asiyesikia vizuri hujibu ovyo akaonekana amechanganyikiwa. Sisi watoto tulitolewa nje. Palipohitajika Kichaga alisaidia muuguzi mwenyeji wa Kibosho, ambaye hakuwa na chochote cha kupata katika mali ile.

Alianza na kipimo kifupi kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa huku kwetu, wakiwemo wasiojua kusoma. Mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja majina ya wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa, na anakumbuka maneno aliyosomewa mwanzoni. Kipimo hicho kilitokana na utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai. Matokeo ya utafiti huo kuhusu ukubwa wa tatizo yalichapishwa mwaka 2013, na yalionyesha kwamba kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi hawana ugonjwa huo, na kumwambia mzee "umri umekwenda, tuachie sisi" hakuna msingi wowote. Baba alisahau baadhi ya maneno na alikosea tarehe. Daktari alisema hayo hayamnyimi haki ya kuandika wosia.

Maswali yaliyoamua yalikuwa mengine kabisa. Alimuuliza wosia hufanya nini na huanza kufanya kazi lini. Alimuuliza ana mali gani, na baba akataja kihamba na mipaka yake kwa miche ya masale na majina ya majirani, nyumba ya Majengo na kodi ya kila chumba, na akiba ya benki kwa makadirio yaliyokaribia ukweli. Alimuuliza ni nani wanaotarajia kupata kitu kutoka kwake, na ni nani atakayeumia kwa mgawanyo anaoutaka. Baba alijibu, "Mkubwa atanung'unika kuhusu nyumba. Lakini yeye nilimsomesha kwa ng'ombe wawili na shamba la tambarare, na anajua." Jibu hilo liliandikwa neno kwa neno kwenye barua. Mtu anayeona kabla ni nani atanung'unika na kwa nini, na bado ana sababu, ameupima uamuzi wake. Sababu yenyewe si lazima impendeze mtu mwingine, kwani mwenye akili timamu ana haki ya kuamua hata jambo ambalo watoto wake wanaliona baya.

Siku ya kuandika, wakili alichukua tahadhari ambayo sikuielewa mpaka baadaye. Kwa Mchaga Mkristo kama baba, mirathi inaweza kubishaniwa kama ifuate sheria ya kimila au sheria ya kiserikali, na mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na alichokusudia. Kwa hiyo aliandika wosia utakaosimama chini ya zote mbili. Kanuni za wosia za kimila, zilizotangazwa mwaka 1963, zinataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino usiofutika, na ushuhudiwe na watu wanaojua kusoma na kuandika, wasiopungua wawili ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, au wanne ikiwa hajui, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Baba alistahili wawili, lakini wakili aliita wanne: baba mdogo, binamu wa baba, jirani, na mwalimu mstaafu wa shule ya jirani. Hakuna hata mmoja wao aliyeachiwa kitu ndani ya wosia, na wote walikuwapo chumbani kwa pamoja, wakamwona akitia sahihi, nao wakatia zao. Mzee mmoja wa kanisani aliyetaka kushuhudia aliambiwa kwa upole asubiri nje, kwa kuwa baba alikuwa amemwandikia mke wa mzee huyo kipande cha shamba la migomba. Shahidi anayepata kitu kwenye wosia huhatarisha kile anachokipata, au wosia wenyewe.

Dada yangu na mimi tuliandikwa pamoja kwenye nyumba ya Majengo, na kitinda mimba kihamba. Nalitaja hili kwa sababu bila wosia, kanuni zilezile za kimila huwaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wana wengine wa kiume. Baba alilijua hilo, na ndiyo sababu kubwa iliyomfanya asitosheke na usia wa mdomo mbele ya wazee wa ukoo. Wakili alimweleza pia kwamba kama anakusudia kumnyima mtoto urithi kabisa, kimila lazima ataje sababu waziwazi na mtoto apewe nafasi ya kujitetea. Baba akasema hamnyimi mtu, na kaka akaachiwa akiba ya benki na sehemu ya mibuni.

Hati ya uwakilishi iliandikwa siku nyingine, makusudi, ili asichoke. Baba aliniteua mimi nikusanye kodi, nilipe pango la ardhi, nikarabati nyumba na kulipia matibabu yake. Kuuza, kuweka rehani na kugawa vilitajwa waziwazi kwamba havimo. Hati ilikuwa na picha zetu wote wawili, ilishuhudiwa na wakili aliyeandika kwamba ilisomwa na kufafanuliwa kwa Kiswahili, ikalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati kwa kuwa ilihusu ardhi iliyosajiliwa. Kila Desemba, ukoo unapokusanyika kwa ajili ya Krismasi, nilitakiwa kuweka mezani daftari la mapato na matumizi. Kipengele hicho alikibuni baba mwenyewe, nami nadhani ndicho kilichomtuliza kaka kuliko maneno yote ya wakili.

Niliuliza kama tungeweza kuongeza mstari unaosema kwamba hati itaendelea hata baba akipoteza akili. Wakili alisema mstari kama huo unaonekana kwenye hati nyingi zinazouzwa mitaani na kwamba hauokoi kitu. Mwakilishi anafanya kile ambacho mwenye mali angeweza kukifanya yeye mwenyewe. Mwenye mali asipoweza tena, hakuna kilichobaki cha kuwakilishwa. Alishauri baba afungue, wakati bado anaweza, akaunti ya pamoja kati yake na sisi mabinti wawili, yenye masharti kwamba mimi na dada tukitia sahihi pamoja fedha zinatoka, na mikataba ya wapangaji ielekeze kodi humo. Jambo hilo dogo lilitubeba kuliko hati.

Ilichukua kama miaka miwili kabla akili ya baba haijaanza kuondoka kwa namna ile nyingine, ya polepole. Hakuna kengele inayolia siku hati inapokoma. Baba aliendelea kuitikia "marahaba" vizuri, kuimba nyimbo za kanisani zote kwa kichwa na kuwauliza wageni habari za watoto wao, kiasi kwamba mgeni wa nusu saa angeapa kwamba mzee ni mzima. Lakini alianza kuniuliza mama atarudi lini kutoka sokoni, na mama alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Nilipomwonyesha hesabu za kodi alisema vizuri sana, kisha akauliza nyumba hiyo ni ya nani. Hapo nilijua. Daktari alimpima tena kwa maswali yaleyale, akaandika kwamba hawezi kuelewa wala kupima maamuzi ya mali, na kwamba hali hiyo haitarajiwi kurudi nyuma. Kuanzia tarehe ya barua ile niliiweka hati kando. Majirani wawili waliniambia benki na wapangaji hawatajua, na hilo ni kweli, lakini kila ninachotia sahihi baada ya hapo ningekuwa nimekifanya bila mamlaka, na gharama yake ingeniangukia mimi.

Akaunti ya pamoja iliendelea kulipa chakula na dawa. Kilichokwama ni paa la Majengo, lililohitaji fedha nyingi kuliko tulizokuwa nazo, na mpangaji aliyekataa kutoka akidai hamtambui mtu yeyote ila mzee mwenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa Mahakama Kuu, hapa Moshi, kuomba msimamizi wa mali ya mtu asiye na akili timamu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Tulipeleka maombi yenye kiapo, taarifa ya daktari wa magonjwa ya akili, orodha ya mali na makadirio yake, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliotiwa sahihi na watoto wote wanne. Kaka alisafiri kuja kutia sahihi yake. Jaji alimwona baba, akamuuliza maswali machache kwa upole, akatusikiliza. Ilichukua miezi mingi mpaka amri kutoka. Amri ilinipa mimi na kitinda mimba usimamizi wa pamoja, ikatutaka kuwasilisha hesabu mahakamani, na ikatuzuia kuuza ardhi yoyote bila kuomba ruhusa upya. Familia yenye ndugu wasioelewana isitegemee kwamba itafika hapo haraka, maana pingamizi moja hurefusha kila kitu.

Nasema haya kwa yeyote anayemtunza mzee ambaye bado ana akili zake: huu usimamizi wa mahakama ndiyo njia pekee tuliyoiona kwa mambo makubwa baada ya akili kuondoka, na ni ya polepole na ya gharama. Yale yote ambayo mzee anaweza kuyapanga mwenyewe mapema, kama akaunti, mikataba ya kodi na makubaliano ya matibabu, hupunguza kiasi cha mambo yatakayohitaji kupelekwa huko.

Baba alipofariki, usimamizi ule nao ukakoma siku hiyohiyo, na tukafunga hesabu zake mahakamani. Wosia ukafunguliwa. Kaka alisema mbele ya ukoo kwamba baba alikuwa amechanganyikiwa mwaka ule, naye alimwona kwa macho yake hospitalini. Hakusema uongo, kwa sababu kweli alimwona. Baba mdogo alileta nakala mbili, cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali na barua ya daktari ya wiki kadhaa baadaye, akaziweka pamoja ili tarehe zionekane, kisha akasoma kwa sauti lile jibu kuhusu mkubwa atakayenung'unika, ng'ombe wawili na shamba la tambarare. Kaka aliomba aisome mwenyewe. Alikaa nayo kwa muda, akasema maneno hayo ni ya baba kabisa, na hakuweka pingamizi wakati msimamizi aliyetajwa kwenye wosia alipokwenda kuomba uthibitisho mahakamani.